Maoni ya Awadhi kwa Barua ya Benedikta

Andalio la somo aliloliandika Mwalimu Josepha kwa ajili ya Jumanne ile lilikuwa bora kuliko yote aliyowahi kuyaandika katika miaka kumi na mmoja ya kushika chaki, na hilo ndilo lililomuuma zaidi baadaye. Lingekuwa la ovyo, angalau angepata cha kulilaumu.

Ilikuwa mwaka 1976. Shule yenyewe ilikuwa mitaa miwili tu kutoka soko jipya la Kariakoo, na ukifungua dirisha la darasa la sita unasikia magurudumu ya mikokoteni na makuli wakipigiana kelele za kupishana. Wanafunzi walikuwa sitini na mmoja, watatu watatu kwenye dawati la wawili. Mwaka huo mjini kulikuwa na msako. Mtu asiyekuwa na karatasi ya kuonyesha kazi anayoifanya alihesabiwa mzururaji, na wazururaji walikuwa wanarudishwa vijijini kwenda kulima. Karani wa Posta alikuwa na karatasi. Mfanyakazi wa kiwandani alikuwa nayo. Kuli anayebeba gunia la huyu asubuhi na la yule mchana, nani amwandikie?

Ijumaa, wenzake walipotoka, Benedikta alibaki. Alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu, mtoto wa Mngoni mmoja aitwaye Aristides, aliyekuja kutoka Songea na mkokoteni wake ukawa ndilo shamba lake.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Mbona hujaenda?"

"Mwalimu, balozi wa nyumba kumi amekuja kwetu jana. Amesema baba hana karatasi. Amesema majina yanapelekwa kwenye tawi la chama Jumamosi ya wiki ijayo, na wasio na karatasi wataondoka. Baba anaomba utuandikie barua. Kwamba anafanya kazi. Anasema wewe unamjua."

Alimjua, kwa nini asimjue? Mwezi wa tatu upepo ulipong'oa paa la darasa, Aristides ndiye aliyeyasomba mabati mapya kwa mkokoteni wake, safari sita kutwa nzima, na Josepha mwenyewe ndiye aliyempa maji kwa kikombe chake na kutia sahihi kwamba mzigo umefika. Hakuna mtu shuleni aliyekuwa na ushahidi mzuri kuliko wake.

Lakini Josepha alikuwa na mama yake chumbani Mtaa wa Swahili, mama wa kupelekwa Muhimbili kila wiki. Na mwaka uliopita mwalimu mwenzao alisimama mkutanoni akabishana na kiongozi kuhusu jambo dogo tu, na kabla ya mwezi kuisha alishapata barua ya uhamisho. Sasa anafundisha mahali ambapo basi linafika mara moja kwa wiki likipenda. Josepha aliyaona hayo yote kwa mpigo mmoja, akasikia mdomo wake unasema:

"Jumatatu tunaanza barua za kikazi. Utaiandika mwenyewe kwa ofisi ya tawi, na Jumanne darasa litakusaidia kuirekebisha. Alhamisi unaandika nakala safi. Ijumaa inafika, siku moja kabla."

"Wewe hutaandika, Mwalimu?"

"Barua ya mtoto mwenyewe ina nguvu zaidi."

Tuseme ukweli, kwa sababu yeye mwenyewe alichelewa kuusema: aliogopa. Na mwalimu akiogopa ana mahali pazuri pa kujificha kuliko watu wengine. Anajificha ndani ya somo.

Siku mbili hizo, Jumamosi na Jumapili, alifanya kazi kama mtu anayelipia kitu. Aliandika lengo: mwanafunzi aweze kukagua barua ya mwenzake kwa kutumia orodha, na kumpa maoni mahususi, yenye upole, yatakayomsaidia kuiboresha. Alitenga vipindi viwili vilivyofuatana, dakika themanini. Alikata karatasi za mitihani ya zamani ya stensili vipande vipande, ili maoni yaandikwe upande wa nyuma uliobaki mweupe, maana daftari mpya zilikuwa hazionekani madukani. Kisha akafikiria watoto wenyewe. Alijua kwamba ukimwambia mtoto wa Kariakoo amkosoe mwenzake bila kumwongoza, utapata mambo mawili tu. Ama ataandika "Nzuri sana" ili wabaki marafiki, ama ataandika "Mwandiko kama wa kuku" ili darasa licheke. Yote mawili hayamsaidii mwenye barua.

Kwa hiyo aliandika pia barua moja mbovu kwa mkono wake, ya kuomba mpira kwa Ofisi ya Utamaduni. Haikuwa na tarehe, ombi lilijificha mstari wa mwisho, na katikati alitia maneno ya kumfokea mkubwa wa ofisi. Watoto wangejifunzia kwenye makosa ya mwalimu kwanza, kabla ya kugusa ya mwenzao.

Jumatatu, chumbani mwa walimu, Mwalimu Mkuu Wilbert alilisoma andalio akiwa amesukuma miwani hadi kwenye paji la uso.

"Watoto wasahihishane. Na wewe utakuwa unafanya nini, unakula maandazi?"

"Nitazunguka, Mwalimu. Hawatoi alama. Wanaangalia kilichopo na ambacho bado, halafu mwenye barua anarekebisha."

"Haya. Lakini mambo yasitoke nje ya hiyo orodha yako. Barua za kwenda ofisi za kweli, mimi sitaki kesi." Akalirudisha na sahihi yake chini.

Siku hiyohiyo kila mtoto aliandika rasimu kwa ofisi anayoitaka. Mmoja alilalamikia bomba la Mtaa wa Mahiwa lililokauka. Mwingine aliomba kituo cha basi kisogezwe. Benedikta aliandika kwa Ndugu Katibu wa Tawi, akajaza ukurasa mzima na kugeuza wa pili.

Jumanne somo lilianza kwa barua ya mpira ubaoni. Josepha aliwauliza, barua ya kikazi ikimfikia mtu mwenye shughuli nyingi, atafute nini humo haraka? Walisema wao, yeye akaandika: anwani mbili; tarehe; kichwa cha habari; ombi moja linaloonekana katika aya ya kwanza; sababu ya ombi; lugha ya heshima; jina na sahihi. Mambo saba. Mbele ya kila jambo wakachora visanduku viwili, kimoja cha "ipo" na kimoja cha "bado". Hakukuwa na kisanduku cha "mbaya". Alikikataa kwa makusudi.

"Sasa nipeni maoni," akasema. "Kwanza kitu kimoja mlichokipenda, na mniambie kiko mstari gani. Halafu kitu kimoja tu cha kurekebisha, na mniambie nikirekebisheje. Mnaisema barua, hamnisemi mimi."

Mikono ikapanda kwa furaha. Si kila siku unapewa ruhusa ya kumsahihisha mwalimu. Msichana wa dawati la mbele akasema barua ni mbaya, haina adabu.

"Umeisema barua, sawa. Lakini nikienda nayo nyumbani nitarekebisha nini?"

Akafikiri. "Mstari wa tano. Uliposema 'nyie wavivu.' Badala yake ungesema, 'tunaelewa mna kazi nyingi.'"

"Hapo nimepata cha kufanya. Asante."

Wakaendelea hivyo mpaka barua ya mpira ikapendeza, ndipo akawapanga wawili wawili, kundi la mwisho likawa la watatu. Hakuwapa nafasi ya kuchagua, maana marafiki wangependeleana. Barua ya Benedikta aliiweka mbele ya Awadhi.

Awadhi alikuwa mtoto wa nyumba ya Waarabu wa Mtaa wa Sikukuu, mwembamba, msomaji, asiyesema mpaka aulizwe. Ami yake Ubeid alikuwa na duka la jumla la mchele na sukari, na mlangoni mwa duka hilo Aristides alikuwa akisimamisha mkokoteni wake kila asubuhi. Josepha aliwaweka pamoja kwa sababu Awadhi alisoma kwa makini kuliko wote. Wala hakukumbuka habari ya duka. Ndivyo alivyojiambia.

Darasa likanyamaza kwa dakika kumi na tano. Ni nadra kusikia watoto sitini na mmoja wakinyamaza bila kutishwa. Walisoma, wakarudia, wakatia alama kwenye visanduku, wakafuta, wakauma penseli. Josepha alizunguka. Mmoja alikuwa ameandika "Jitahidi", akamwuliza, "Ajitahidi wapi?" Mtoto akaongeza: "kwenye tarehe, umesahau mwaka." Josepha alisikia furaha ile ambayo mwalimu huipata mara chache, ya kuona jambo ulilolipanga linatembea lenyewe.

Alikuwa amepanga kwamba kabla maoni hayajarudi kwa wenyewe, yeye ayapitie, asije mtu akaumizwa. Akayakusanya, akakaa mezani huku wao wakinakili orodha daftarini. Alipofika kwenye kipande cha Awadhi alikisoma mara moja, kisha akakiweka chini ya kiganja.

Kiliandikwa kwa mwandiko mdogo uliosimama wima:

"Nimependa mstari wa nne uliposema baba yako anaamka kabla ya adhana ili awahi malori, kwa sababu ni kweli, mimi namwona. Anwani ipo, tarehe ipo, heshima ipo. Ombi liko ukurasa wa pili, lilete juu. Jambo moja halimo kwenye orodha lakini ndilo kubwa. Hakuna mtu mzima anayeshuhudia kwamba baba yako anafanya kazi. Ami yangu nilimwomba juzi aandike, anaogopa kwa sababu maduka ya watu yanafungwa. Mwalimu Josepha aliyapokea mabati. Mwambie atie sahihi yake chini ya yako."

Alitazama dirishani, akatazama tena karatasi. Maoni yalikuwa mahususi. Yalikuwa ya upole. Yalisema kitu cha kurekebisha na namna ya kukirekebisha. Kama angetaka mfano wa kuusoma mbele ya darasa, asingepata mwingine mzuri kuliko huo.

"Awadhi, njoo."

Akaja, mikono nyuma.

"Tulikubaliana kitu kimoja cha kurekebisha. Wewe umeweka viwili. Na hili la pili halimo kwenye orodha."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Basi?"

"Nilimaliza orodha, Mwalimu, nikaona barua bado haijatosha." Alisema taratibu, bila ubishi, macho kwenye sakafu. "Nikafikiri labda orodha ndiyo imesahau."

Josepha alikuwa na nafasi pale. Angeweza kuchukua kalamu. Somo lenyewe lilikuwa limemfikisha, limemshika mkono na kumwonyesha mahali pa kutia sahihi. Badala yake akachukua kipande kingine cha karatasi, akamkabidhi mtoto.

"Andika tena. La ombi tu."

Awadhi aliandika tena. Safari hii yalikuwa mistari miwili: mstari wa nne nimeupenda, ombi lako lilete mwanzo. Benedikta aliyasoma, akamgeukia mwenzake akamwambia asante, kama walivyofundishwa. Kile kipande cha kwanza Josepha alikitia ndani ya rejesta, akaifunga.

Usiku usingizi haukumpata vizuri, na Jumatano mama yake alimwuliza mara mbili anaumwa nini. Akajibu ni vumbi la chaki. Alijiambia kwamba bado kuna muda. Ijumaa barua itafika, Katibu ataisoma, atauona ujasiri wa mtoto, ataguswa. Akijibu kwa ubaya, basi hapo ndipo yeye ataingilia. Jumamosi iko mbali.

Alhamisi waliandika nakala safi. Benedikta alipiga mstari chini ya kichwa cha habari kwa rula ya kuazima: YAH: OMBI LA BABA YANGU KUENDELEA NA KAZI YA UCHUKUZI SOKONI. Ombi sasa lilikuwa aya ya kwanza. Akampa Awadhi, naye akapitia visanduku saba, kimoja kimoja, vyote akavitia alama ya "ipo". Alimtazama Mwalimu kidogo tu, akarudisha karatasi.

Nje kulikuwa na kelele nyingi upande wa sokoni kuliko kawaida. Darasani hakuna aliyeshangaa, Kariakoo haijawahi kukosa kelele. Saa nne na nusu mama yake Benedikta alifika mlangoni na khanga moja, ya pili imeanguka njiani hajui wapi.

Wenye msako hawakungoja Jumamosi. Malori mawili yalikuja sokoni asubuhi ile, wakaulizwa karatasi palepale penye mikokoteni, na asiyekuwa nayo akapandishwa, Aristides akiwa mmoja wao.

Josepha aliwaambia watoto wasome kimya. Alimshika Benedikta mkono, wakaenda na mama yake hadi tawini kwa miguu, barua safi ikiwa mkononi mwa mtoto. Katibu alikuwa mtu wa makamo, amechoka, si mkali hata kidogo. Ingekuwa nafuu kama angekuwa mkali. Aliisoma barua yote, tangu anwani hadi sahihi.

"Nani kakufundisha kuandika hivi?"

"Mwalimu. Na mwenzangu alinikagulia."

"Ni barua safi. Hapa watu wazima wananiletea barua sielewi wanataka nini." Akaigeuza nyuma, kukawa kutupu. "Lakini shahidi yuko wapi? Nilisema kwenye mkutano, kuli akiletewa sahihi ya mtumishi yeyote wa serikali anayemjua, namwandikia cheti. Juzi nimewaandikia watatu."

"Mimi ni shahidi," Josepha akasema. "Mimi ninamjua. Alituletea mabati ya shule."

Katibu akamtazama. "Mwalimu, ungeniambia jana. Malori yameondoka saa nne, na orodha imekwenda mkoani pamoja nayo. Mtu akishaandikishwa kule kijijini, kumrudisha si kazi ya tawi tena."

Hata hivyo alimpa kalamu, na Josepha akatia sahihi chini ya sahihi ya Benedikta, jina lake lote na cheo chake. Hakuna kilichompata kwa sahihi hiyo, si siku ile wala baadaye. Hakuna aliyemwita, hakuna aliyemhamisha. Alingoja adhabu kwa miezi, na ilipokosa kuja akalia siku moja katika choo cha walimu, kwa kuwa sasa alijua aliogopa kitu ambacho hakikuwepo.

Majibu ya mkoa hayakuja. Aristides alituma salamu kwa dereva wa lori kwamba amepewa ekari mbili na jembe, na kwamba mgongo unamsumbua, na kwamba mke na watoto wamfuate kwa sababu chumba cha mjini hawatakiweza peke yao. Jumatatu ya pili Benedikta alikuja shuleni bila sare, kuchukua barua yake ya uhamisho.

Josepha aliiandika mwenyewe. Alipofungua rejesta ili alikate jina, kile kipande cha stensili kilikuwa pale. Angeweza kukichana, mtoto anaondoka, nani angejua? Lakini katika somo lile lote alikuwa amewaambia kwamba maoni ni mali ya mwenye kazi. Akakitoa, akampa.

"Haya ni ya kwako. Awadhi alikuandikia."

Benedikta alisoma akiwa amesimama. Alisoma kama alivyofundishwa, taratibu, mpaka mwisho, kisha akarudia mistari mitatu ya mwisho. Alikuwa mtoto mwenye heshima na sauti yake haikupanda.

"Aliandika lini, Mwalimu?"

"Jumanne ile."

"Na wewe ulisoma lini?"

Josepha alitaka kusema mengi. Kuhusu mama yake, kuhusu mwalimu aliyehamishwa, kuhusu orodha ya mambo saba. Hakuna hata moja lililofaa kuambiwa mtoto.

"Jumanne ileile," akasema. "Ulikuwa unanakili orodha. Nisamehe, mwanangu."

Benedikta alikunja karatasi mara mbili, akaitia pamoja na barua ya uhamisho. Alisimama kidogo kama anayetafuta neno la kusema, na Josepha akaona waziwazi, na ndilo lililommaliza, kwamba mtoto alikuwa anatafuta jambo moja zuri la kuanzia. Hakulipata. Akasema "kwaheri Mwalimu", akatoka, akapita ubavuni mwa dirisha kuelekea sokoni ambako mama yake alikuwa anauza mkokoteni.